Kiwiko Kisichosinyaa: Namna ya Kukunja Mkono wa Katuni ya Vipande

Mwangalie mwanamke anayetwanga. Mchi unapopanda, viwiko vyake vinakunjika na mikono inakaribia kifua; unaposhuka kinuni, mikono inanyooka karibu yote. Anayemtazama anaona mchi, anaona mabega, anasikia mdundo, wala kiwiko hakimjii akilini. Mpe sasa mchoraji wa katuni kazi ya kumtwangisha mwanamke huyo kwenye skrini, na kiwiko ndicho kitakachomnyima usingizi. Kikikaa vibaya, mkono utaonekana umevunjika, na mtazamaji ambaye hajui lolote kuhusu katuni ataliona kosa kabla hajaliona jambo jingine.

Makala haya yanahusu kiwiko hicho kimoja. Nimekichagua kwa sababu anayekiweza kiwiko ameliweza goti, na kwa sehemu kubwa ameuweza pia mgongo na mkia wa mnyama. Kazi yenyewe tutaifanya kwenye programu ya Godot, ambayo hutolewa bure, inafanya kazi hata kwenye kompyuta za kawaida, na tangu toleo la 3.1 la mwaka 2019 ina zana zake za kuvika picha bapa mifupa.

Vipande viwili au kipande kimoja?

Katuni ya vipande haichorwi upya kila mara mhusika anapojongea. Mhusika huchorwa mara moja, kisha kichwa, kiwiliwili, mikono na miguu hutengwa kila kimoja kwenye picha yake, na baadaye vipande hivyo huzungushwa na kusogezwa. Ufundi huu ulikuwapo zamani kabla ya kompyuta. Mjerumani Lotte Reiniger alikata vikaragosi vyake kwa mkasi na kuviunga viungo kwa waya, na kwa njia hiyo akatengeneza filamu ndefu ya Mwanamfalme Ahmed, iliyotoka mwaka 1926. Vikaragosi vyake vilikuwa vivuli vyeusi vitupu. Weusi huo ulimsaidia: kipande cheusi kikipanda juu ya kingine cheusi, mshono hauonekani.

Mtwangaji wetu hana kinga hiyo. Amevaa gauni la kitenge lenye mikono mirefu, maua ya kitenge yanapita juu ya kiwiko, na mchoraji amemzungushia mstari mweusi wa nje. Tukiukata mkono wake vipande viwili, wa juu na kigasha, kisha tukakizungusha kigasha, ua lililo kwenye kiwiko litapasuka katikati na mstari mweusi wa kipande kimoja utakata juu ya kingine. Mkono usio na urembo unaweza kuokolewa kwa kuuchora mviringo kwenye maungio ili vipande vifunikane vizuri, na kwa katuni nyingi rahisi hiyo ndiyo njia bora na ya haraka. Kitenge hakikubali. Mkono wake unapaswa kubaki picha moja, kutoka begani mpaka kwenye kifundo cha mkono, na picha hiyo ndiyo ikunjike.

Picha bapa haikunjiki yenyewe. Lazima kwanza itandazwe juu ya wavu.

Wavu, mifupa na uzito

Wavu ni pembetatu zilizoungana zinazoifunika picha yote. Kila kona ya pembetatu ni kipeo, na kila kipeo kinakumbuka kimebeba sehemu gani ya picha. Kipeo kikisogezwa, pembetatu zake zinavutika au kubanwa, na picha iliyomo ndani inafuata. Kwenye Godot, kitu kinachobeba picha pamoja na wavu wake kinaitwa `Polygon2D`.

Mtu hawezi kusogeza vipeo kimoja kimoja kwa kila picha ya katuni, na hapo ndipo mifupa inapoingia. Mfupa hauonekani kwenye katuni iliyokamilika. Ni egemeo lenye mwelekeo, lililopangwa chini ya mfupa mwingine ili mzazi akizunguka mtoto amfuate. Kwenye Godot kila mfupa ni `Bone2D`, na mifupa yote hukaa ndani ya `Skeleton2D`. Kwa mkono mmoja wa mtwangaji, mpangilio ni huu:

```
Mtwangaji
├─ Skeleton2D
│  └─ Kiwiliwili
│     └─ MkonoJuu
│        └─ Kigasha
│           └─ Kiganja
└─ PichaMkono
```

`MkonoJuu` una egemeo lake begani, `Kigasha` kwenye kiwiko, `Kiganja` kwenye kifundo cha mkono. `PichaMkono` ndiyo `Polygon2D` yenye kitenge. Mifupa ikishawekwa mahali pake juu ya picha, huamriwa kuukumbuka mkao huo kwa amri ya `Overwrite Rest Pose`. Huo ndio mkao wa mapumziko, na Godot itapima kila mkunjo kuanzia hapo. Ukiisahau hatua hii, picha itaruka kutoka mahali pake mara tu utakapoiunganisha na mifupa.

Kinachobaki ni kukiambia kila kipeo kimtii nani. Vipeo vya karibu na bega vinatii `MkonoJuu` peke yake, na vya karibu na kiganja vinatii `Kigasha` peke yake. Vya kwenye kiwiko vinatii mifupa yote miwili, kila mmoja kwa kiasi chake, na kiasi hicho ndicho kinachoitwa uzito. Kipeo chenye uzito nusu kwa nusu ni kama mtoto aliyeshikwa mikono na watu wawili wanaokwenda njia tofauti: ataishia katikati yao.

Uzito hupakwa kwa brashi, mfupa mmoja baada ya mwingine. Kipeo cheupe kimetii mfupa huo kikamilifu, cheusi hakina habari nao. Godot yenyewe inahakikisha jumla ya uzito wa kila kipeo ni moja, kwa hiyo kipeo kilichopakwa cheupe kwenye mifupa miwili kinagawanywa sawasawa. Ukitaka robo tatu kwa robo, kipake cheupe kwenye mfupa mmoja, halafu punguza nguvu ya brashi iwe 0.33 na ukiguse mara moja tu kwenye mfupa wa pili, kwa sababu kila mguso unaongeza juu ya uliotangulia.

Hesabu ya kiwiko kinachosinyaa

Ukishafanya yote hayo, zungusha kigasha taratibu. Nyuzi 20 mkono ni mzuri. Nyuzi 40, bado. Ukifika nyuzi 90, kiwiko kimeanza kubonyea ndani, na kwenye nyuzi 110 mkono umesinyaa katikati kana kwamba hauna mfupa kabisa. Wanaoanza hudhani wamepaka uzito vibaya, wanarudi kwenye brashi na kupaka upya usiku kucha. Uzito wao hauna kosa. Kosa limo ndani ya hesabu yenyewe, na anayeielewa hesabu hiyo ataacha kupambana na brashi.

Tuseme mkono wa mtwangaji una upana wa pikseli 80 kwenye kiwiko, na egemeo liko katikati. Mkono umelala, bega likiwa kushoto na kiganja kulia. Chukua kipeo kimoja kilicho kwenye ukingo wa juu, pikseli 40 kamili juu ya egemeo, chenye uzito nusu kwa nusu. Sasa kishushe kigasha nyuzi 90, kielekee chini. Mfupa wa `MkonoJuu` haujasogea, kwa hiyo unasema kipeo kibaki palepale, pikseli 40 juu ya egemeo. `Kigasha` kimezunguka, nacho kinasema kipeo kinapaswa kuwa pikseli 40 kulia kwa egemeo. Godot inachukua wastani: pikseli 20 juu na pikseli 20 kulia. Pima sasa umbali wa hapo mpaka kwenye egemeo na utapata pikseli 28. Kipeo kilikuwa umbali wa 40, sasa kiko 28. Kipeo cha ukingo wa chini kimefanyiwa vivyo hivyo. Mkono uliokuwa na upana wa 80 umebaki na 57.

Kilichotokea ni kwamba kipeo kilipaswa kutembea kwenye duara kulizunguka egemeo, lakini wastani hukata njia ya mkato, moja kwa moja kutoka jibu la mfupa mmoja hadi jibu la mwingine, na njia ya mkato siku zote hupita karibu zaidi na egemeo. Kadiri mfupa unavyozunguka zaidi ndivyo mkato unavyozama ndani. Kanuni yake ni fupi: upana unaobaki ni upana wa mwanzo mara kosaini ya nusu ya pembe. Kwenye nyuzi 45 mkono wetu unabaki na pikseli 74, na hakuna jicho litakalogundua. Kwenye nyuzi 110 unabaki na 46. Kwenye nyuzi 180, kama kigasha kingeweza kurudi mpaka kwenye bega, upana ungekuwa sifuri.

Njia hii ya kuchanganya mifupa kwa wastani si ya Godot peke yake. Nadia Magnenat-Thalmann na wenzake waliieleza mwaka 1988 walipokuwa wakitafuta namna ya kukunja vidole vya mkono kwenye kompyuta, na mpaka leo ndiyo msingi wa programu nyingi za katuni na michezo, kwa sababu ni nyepesi mno kwa kompyuta. Kusinyaa ni gharama ya wepesi huo. Kuna mambo matatu yanayopunguza gharama: kupanga vipeo kwa akili, kuchagua mkao wa mapumziko, na kuongeza mfupa wa msaada.

Vipeo vikae wapi?

Wavu hukunjika kwenye vipeo tu. Mkono wenye vipeo begani na kiganjani peke yake hauna cha kukunja. Ukizungusha kigasha, picha nzima italala upande. Na ukiweka vipeo vingi kila mahali, kila kimoja ni kipeo kitakachohitaji kupakwa na kusahihishwa. Sehemu ndefu za mkono, ambazo zinatii mfupa mmoja, hazihitaji kitu zaidi ya kufuata umbo la nje. Vipeo vyote vya maana vinakaa kiwikoni.

Je, eneo la kiwiko lina urefu gani? Jibu linatoka upande wa ndani wa mkunjo. Mkono unapokunjika, nyama ya mkono wa juu na ya kigasha zinagombea nafasi moja. Kwenye mkunjo wa nyuzi 90 ugomvi huo unaanza umbali wa nusu ya upana wa mkono kila upande wa egemeo, yaani pikseli 40 kwa mtwangaji wetu. Kwenye nyuzi 110 unafika pikseli 57. Vipeo vilivyo ndani ya eneo hilo vikitii mfupa mmoja tu, vitavukana: kipeo cha mkono wa juu kitaingia ndani ya kigasha na cha kigasha ndani ya mkono wa juu. Mstari mweusi wa ukingo utajifunga fundo hapo, na mtazamaji ataona mwiba mweusi kwenye mkunjo wa kiwiko. Kwa hiyo mchanganyiko wa uzito unapaswa kuanza na kuishia nje kidogo ya eneo hilo.

Kwa mtwangaji, weka safu tano za vipeo zinazoukata mkono kwa upana. Safu ya kati ipite juu ya egemeo lenyewe. Mbili zikae pikseli 30 kila upande, na mbili za mwisho pikseli 60. Kila safu iwe na vipeo vitatu: ukingo wa juu, katikati, ukingo wa chini. Jumla ni vipeo 15, na hivyo ndivyo vinavyobeba kazi yote. Kuanzia upande wa bega, uzito wa `MkonoJuu` kwa `Kigasha` uwe moja kwa sifuri, robo tatu kwa robo, nusu kwa nusu, robo kwa robo tatu, na sifuri kwa moja.

Kuna hatua moja hapa ambayo wengi huiruka. Godot ikiachiwa kuugawa wavu yenyewe, hutafuta njia ya kuujaza kwa pembetatu bila kujua kwamba hapa kuna kiwiko, na mara nyingi huchora pembetatu ndefu nyembamba inayotoka begani mpaka kiganjani. Mkono ukikunjika, pembetatu hiyo inavuta ua la kitenge kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Dawa yake ni kufungua sehemu ya `Polygons` kwenye kihariri cha wavu na kuchora pande nne wewe mwenyewe, safu kwa safu, ili kila kipande cha wavu kiungane na safu jirani tu. Ni kazi ya dakika chache, nayo huokoa jioni nzima ya kutafuta kosa mahali ambapo halipo.

Chora mkono uliokunjwa nusu

Rudi kwenye kanuni ya kosaini na uitazame tena. Kinachosinyaza mkono ni tofauti kati ya mkunjo wa sasa na mkao wa mapumziko, wala si mkunjo wenyewe. Mkono uliochorwa umenyooka na kukunjwa mpaka nyuzi 110 una tofauti ya 110. Lakini kiwiko cha mtwangaji hakinyooki kabisa wakati wowote. Kinatoka kama nyuzi 20 mchi ukiwa kinuni mpaka nyuzi 110 mchi ukiwa juu. Katikati ya hizo ni nyuzi 65.

Basi mchoraji na auchore mkono ukiwa umekunjika nyuzi 65, na mifupa ilazwe juu ya mchoro huo huo. Sasa kutoka kwenye mapumziko mpaka mkunjo mkubwa kuna nyuzi 45, na kutoka kwenye mapumziko mpaka mkono unaponyooka kuna nyuzi 45 vilevile. Upana hautashuka chini ya pikseli 74 upande wowote. Eneo la nyama kugombana nalo linapungua, kutoka pikseli 57 mpaka karibu 17. Tumeuondoa sehemu kubwa ya ugonjwa kabla ya kufungua Godot, kwa uamuzi uliofanywa kwenye karatasi.

Kuna faida nyingine ambayo haimo kwenye hesabu. Mchoraji anayechora mkono uliokunjika anachora kiwiko halisi, chenye ncha ya mfupa nyuma na mikunjo ya nguo ndani. Mkono ulionyooka hauna vitu hivyo, na hakuna hesabu itakayovibuni.

Mbona basi wachoraji wengi bado wanachora wahusika wamesimama na mikono imenyooshwa? Kwa sababu mhusika wa mfululizo hajulikani atafanya nini kesho. Leo anatwanga, wiki ijayo ataogelea. Mkono ulionyooka hauchagui upande, na ni rahisi kuufanyia marekebisho ya nguo na rangi. Hapo ndipo unapohitajika mfupa wa msaada.

Mfupa wa tatu

Tatizo letu lilikuwa kwamba kipeo cha kwenye kiwiko kilipewa majibu mawili yaliyo mbali, kisha kikawekwa katikati yake kwa njia ya mkato. Tukikipa mfupa mmoja ambao wenyewe umezunguka nusu ya pembe, hakitahitaji wastani wowote. Kitazunguka kwenye duara lake na umbali wake kutoka kwenye egemeo utabaki pikseli 40 bila kupungua.

Ongeza basi `Bone2D` mpya, uite `Kiwiko`. Uweke chini ya `MkonoJuu`, kando ya `Kigasha`, egemeo lake likiwa mahali palepale la kigasha lilipo. Kihuishaji hatakigusa kamwe. Kitajizungusha chenyewe kwa maagizo haya mafupi:

```gdscript
extends Bone2D

@onready var kigasha: Bone2D = $"../Kigasha"

func _process(_delta):
	var tofauti = kigasha.rotation - kigasha.rest.get_rotation()
	rotation = rest.get_rotation() + tofauti * 0.5
```

Mstari wa `tofauti` unapima kigasha kimezunguka kiasi gani kutoka kwenye mapumziko, na unaofuata unampa kiwiko nusu yake. Mfupa mpya ukishaongezwa, rudia `Overwrite Rest Pose`, kisha upatanishe mifupa na wavu kwa kitufe cha `Sync Bones to Polygon`, kwa sababu wavu hauujui mfupa ulioongezwa baadaye.

Uzito nao unabadilika. Safu ya kati sasa inatii `Kiwiko` peke yake. Safu zinazoifuata zinagawana nusu kwa nusu kati ya `Kiwiko` na mfupa wa upande wake, na safu za mwisho zinabaki na mfupa wa upande wake peke yake. Kwenye mkunjo wa nyuzi 110, hakuna tena kipeo kinachochanganya mifupa iliyopishana kwa zaidi ya nyuzi 55. Katikati ya kiwiko upana ni pikseli 80 kamili, na kwenye safu za pembeni upungufu ni kama moja ya tisa, ambao jicho linauchukua kuwa ni umbo la kawaida la mkono.

Ukitaka ncha ya kiwiko ijitokeze zaidi mkono unapokunjika, kama inavyojitokeza kwa mtu aliyekonda, sogeza mbele kidogo kipeo cha nje cha safu ya kati au ongeza ukubwa wa mfupa wa `Kiwiko` kwa kiasi kidogo. Anza na asilimia kumi. Zaidi ya hapo mkono huanza kuonekana umevimba.

Kupima kabla ya kuhuisha

Kiwiko kisipimwe kwa kitenge. Maua huficha makosa, nayo yatajitokeza siku mhusika atakapobadilishwa nguo. Tengeneza picha nyingine yenye ukubwa uleule wa pikseli, mkono mweupe uliopigwa mistari ya kukata upana na mistari ya kufuata urefu, uiweke kwa muda mahali pa kitenge. Kisha kizungushe kigasha polepole kutoka mwanzo wa mwendo hadi mwisho na kurudi, ukitazama mistari badala ya umbo la nje.

Mistari ya upana ikifunguka taratibu kuzunguka egemeo kwa nje, na kukaribiana kwa utulivu kwa ndani, kazi ni njema. Mstari mmoja ukichomoza jino, kuna kipeo kimoja chenye uzito wa jirani yasiyemhusu, na brashi ndogo itamaliza jambo. Mistari ya urefu ikipinda ghafla kwa pembe kali, angalia pembetatu, si uzito. Mkono wote ukijipinda kama bomba la maji, bila kuonyesha kwamba kuna mfupa ndani, eneo la mchanganyiko ni pana mno. Sogeza safu za mwisho karibu na egemeo. Na mistari ikibonyea katikati, hiyo ni hesabu ya kosaini, na sasa unajua brashi haitaiponya.

Jaribio la mwisho ni kuusogeza mfupa wa `Kiwiliwili`, na mifupa yote iliyo chini yake, kutoka upande mmoja wa skrini hadi mwingine. Kipeo kilichosahaulika bila uzito wowote hakitaufuata mwili, na ni heri kionekane sasa kuliko baada ya dakika tano za katuni kukamilika.

Mahali wavu unapoishia

Haya yote yanafanya kazi mradi mkono unakunjika kwenye bapa la skrini, kama unavyoonekana kwa mtu anayetwanga akitazamwa kutoka ubavuni. Mtwangaji akigeuka na kuunyoosha mkono kuelekea kwa mtazamaji, wavu hauna la kufanya. Unaweza kuufupisha mkono, lakini hauwezi kuonyesha kiganja kikiwa kikubwa mbele na kiwiko kikijificha nyuma yake, kwa sababu sehemu hiyo ya mkono haikuchorwa. Vivyo hivyo kiwiko kikikunjwa mpaka kigasha kinagusa mkono wa juu, nyama inapaswa kubanwa na kufura pembeni, na safu tano za vipeo hazilijui hilo.

Mafundi wazoefu hawaulazimishi wavu kufika huko. Wanachora mkono wa pili kwa ajili ya mkao huo, wanaupa mifupa yake, na kubadilisha mkono mmoja kwa mwingine kwenye picha ambayo mwendo ni wa kasi zaidi, ambapo jicho halipati nafasi ya kulinganisha. Kwa mtwangaji, picha hiyo ni ile mchi ukiwa katika kasi ya kushuka. Mfupa wa msaada unaubeba mkono mpaka hapo. Kuanzia hapo penseli ndiyo inayoendelea, na mhusika anayetengenezwa kwa kufuata mpaka huo ataonekana mzima katika kila mkao atakaopewa.